IV, HV na IV Rank: jinsi ya kuamua kununua au kuuza opsheni

Maswali mawili hunijia kila mara, na karibu kila mara yanatoka kwa mtu aliyeanza opsheni miezi michache iliyopita. La kwanza: "Nilinunua CALL, hisa ikapanda kama nilivyotaka, mbona nimepoteza hela?" La pili: "IV Rank imefika 70, niuze?" Yanaonekana kuwa maswali tofauti, lakini chanzo chake ni kimoja. Muulizaji hajui alilipia myumbo wa bei kiasi gani, wala hajui kama kiasi hicho kilikuwa ghali au rahisi. IV ni myumbo unaodokezwa na bei ya opsheni, HV ni myumbo uliokwisha kutokea kwenye hisa, na IV Rank huipima IV ya leo dhidi ya IV za mwaka mzima.

Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo moja tu. Hautakuambia hisa itapanda au itashuka. Utakuonyesha namna ya kupima kama opsheni za hisa fulani leo ni ghali au rahisi, kisha namna ya kuchagua upande: kuzinunua, kuziuza, au kukaa pembeni. Nachukulia kwamba tayari unajua CALL na PUT ni nini, na bei ya utekelezaji ni nini. Mifano yote ni ya opsheni za hisa za Marekani, ambako mkataba mmoja hubeba hisa 100. Bei nimezikokotoa kwa kanuni ya Black-Scholes, ile ya mwaka 1973, bila riba wala gawio ili hesabu zibaki nyepesi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Bei za kufunga za hisa yako kwa siku 21 za biashara zilizopita.
- IV ya siku 30 ya hisa hiyo kwa kila siku ya mwaka mzima uliopita. Programu nyingi za madalali huionyesha kama grafu chini ya bei.
- Jedwali la hesabu, kwa mfano Excel.
- Tarehe ya ripoti ijayo ya mapato ya kampuni. Usianze kazi bila kuwa nayo.
- Ruhusa ya kufanya spredi kwenye akaunti yako, yaani kununua opsheni moja na kuuza nyingine kwa pamoja. Kama dalali amekuruhusu kununua tu, upande wa kuuza utausoma kwa elimu, usiutafutie njia ya mkato.

Nadharia, kwa ufupi tu

HV ni myumbo uliokwisha kutokea. Unachukua bei za siku zilizopita, unapima zilivyotawanyika, unapata asilimia ya mwaka. Ni historia, na haibishaniwi: hisa iliyumba kiasi hicho, basi.

IV ni kitu kingine kabisa. Hakuna anayeipima kwenye hisa. Inatolewa kwenye bei ya opsheni yenyewe: tunajua bei ya hisa, bei ya utekelezaji, siku zilizobaki na bei ambayo watu wanalipa sokoni, kisha tunairudisha kanuni nyuma na kuuliza, "Ni myumbo gani ungefanya bei hii iwe sawa?" Jibu ndilo IV. Kwa hiyo IV ni bei ya bidhaa iliyoandikwa kwa lugha ya asilimia. Opsheni zikigombaniwa, IV inapanda, hata kama hisa yenyewe imelala.

Ili asilimia hizi zikuingie akilini, zigawe kwa 16. Mwaka una takriban siku 252 za biashara, na kipeuo cha pili cha 252 ni karibu 16. Hisa yenye HV ya 31 imekuwa ikisogea kama asilimia 1.9 kwa siku ya kawaida. Opsheni zenye IV ya 46 zimepangiwa bei kana kwamba itasogea karibu asilimia 2.9 kwa siku. Ukishazoea mgawanyo huo, hutaangalia tena IV kama namba ya ajabu.

Hatua ya 1: Kokotoa HV mwenyewe, angalau mara moja

Weka bei za kufunga kwenye safu B, kuanzia B2 hadi B22, ya zamani zaidi ikiwa juu. Kwenye C3 andika fomula ya badiliko la siku, kisha ivute hadi C22:

```
=LN(B3/B2)
```

Halafu, kwenye seli yoyote tupu:

```
=STDEV.S(C3:C22)*SQRT(252)*100
```

Hiyo ndiyo HV ya siku 20. Baada ya hapo tumia ile inayoonyeshwa na programu yako, hakuna haja ya kujitesa kila siku. Nasisitiza uifanye mara moja kwa sababu utaona kwa macho jambo ambalo grafu haikuonyeshi: siku moja tu ya mruko mkubwa inaweza kuibeba namba yote. Futa siku hiyo kwa muda uone HV inavyoporomoka. Tutalirudia hili kwenye matatizo.

Hatua ya 2: Linganisha IV na HV

Andika namba mbili, moja pembeni mwa nyingine. Tuseme hisa yetu ya mfano iko dola 100, HV ya siku 20 ni 31, na IV ya siku 30 ni 46. Soko linauza opsheni kana kwamba hisa itayumba karibu mara moja na nusu ya ilivyoyumba hivi karibuni.

Hapa wengi wanakurupuka: "IV iko juu ya HV, kwa hiyo opsheni ni ghali, niuze." Subiri kidogo. Kwa kawaida IV huwa juu ya HV. Anayeuza opsheni anabeba hatari ya mtu mwingine, na hataibeba bure, kama ilivyo kwa kampuni ya bima. Ukiuza kila unapoona IV imeizidi HV, utakuwa unauza karibu kila siku ya mwaka, zikiwemo siku ambazo malipo ni kiduchu mno kwa hatari uliyobeba. Ndiyo maana tunahitaji kipimo cha pili, kinachouliza kama IV ya leo ni kubwa kwa hisa *hii*.

Hatua ya 3: Kokotoa IV Rank

IV Rank inaitazama IV ya leo kati ya sakafu na dari yake ya mwaka mmoja. Kama IV za mwaka ziko kwenye safu D, kuanzia D2 hadi D253, na ya leo ipo E2:

```
=(E2-MIN(D2:D253))/(MAX(D2:D253)-MIN(D2:D253))*100
```

Kwa hisa yetu, tuseme IV ya chini kabisa ya mwaka ilikuwa 22 na ya juu kabisa 54. Leo ni 46. Kutoka sakafuni hadi hapa ni pointi 24, na kutoka sakafuni hadi darini ni pointi 32. IV Rank ni 24 gawanya kwa 32, yaani 75.

Usiilinganishe IV tupu ya hisa moja na ya nyingine. Kampuni ndogo ya dawa yenye IV ya 80 inaweza kuwa kwenye siku zake za usingizi, na kampuni ya umeme yenye IV ya 30 ikawa kwenye taharuki. Hiyo ndiyo kazi pekee ya IV Rank: kuipima hisa kwa fimbo yake yenyewe.

Hatua ya 4: Hakikisha IV Rank haikudanganyi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayotaka ukae nayo muda mrefu.

IV Rank inategemea namba mbili tu za mwaka mzima, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Siku moja ya kichaa inatosha kuiharibu kwa miezi kumi na miwili. Chukua hisa ambayo kwa kawaida IV yake hucheza kati ya 22 na 45, kisha ikapatwa na siku moja ya hofu iliyoifikisha 90. Leo IV ni 42. IV Rank itasema 20 gawanya kwa 68, yaani 29. Anayesoma namba hiyo peke yake ataona opsheni ni rahisi na ataenda kununua. Lakini ukihesabu siku, utakuta kati ya siku 252, siku 226 zilikuwa na IV chini ya 42. Opsheni hizo ni ghali kuliko zilivyokuwa kwa takriban asilimia 90 ya mwaka.

Hesabu hiyo ya siku ndiyo inayoitwa IV Percentile kwenye skrini:

```
=COUNTIF(D2:D253,"<"&E2)/COUNT(D2:D253)*100
```

Jambo hili lilitokea kweli, tena kwa ukubwa. VIX, kipimo cha myumbo wa siku 30 unaodokezwa na opsheni za fahirisi ya S&P 500, ilifunga 82.69 tarehe 16 Machi 2020. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo ilifunga kidogo juu ya 40, kiwango ambacho kwa kawaida hukiona nyakati za taharuki tu. Lakini kwa kuwa ile 82.69 bado ilikuwa ndani ya dirisha la mwaka, na sakafu ilikuwa karibu 12, IV Rank ilitoka kama 40. Namba hiyo ni ya mtu aliyetulia, ilhali soko halikuwa limetulia hata kidogo.

Kwa hiyo soma zote mbili. Zikikubaliana, endelea. Zikipishana kwa zaidi ya pointi 30 hivi, fungua grafu ya IV ya mwaka na utafute mlima mmoja uliosimama peke yake. Ukiuona, amini IV Percentile. Kwa hisa yetu ya mfano, tuseme IV Percentile ni 88, dhidi ya IV Rank ya 75. Zinasema kitu kimoja, na tunasonga mbele.

Hatua ya 5: Tafuta sababu ya IV kuwa pale ilipo

Angalia kalenda. Je, ripoti ya mapato inaangukia kabla ya tarehe ya kuisha ya opsheni unayoitazama? Kuna uamuzi wa mahakama, matokeo ya majaribio ya dawa, kura ya wanahisa?

Kama lipo tukio, ulinganisho wako wa Hatua ya 2 umepoteza maana. HV imepima siku 20 ambazo tukio hilo halikuwamo, na IV inalipia siku moja ambayo hisa inaweza kuruka asilimia 10 kwa pumzi moja. Tofauti kati ya namba hizo si punguzo wala zawadi. Ni bei ya mruko unaosubiriwa. Hisa nyingi huonyesha IV Rank ya juu mara nne kwa mwaka kwa sababu hii tu, na siku inayofuata ripoti IV huanguka kama jiwe.

Sasa yule wa swali la kwanza. Alinunua CALL ya siku 60, bei ya utekelezaji 100, hisa ikiwa 100, IV ikiwa 46. Alilipa dola 7.43 kwa hisa, yaani 743 kwa mkataba. Ripoti ikatoka, hisa ikapanda hadi 102 siku iliyofuata, na IV ikashuka hadi 36. Ile CALL sasa ina thamani ya kama dola 6.88. Mwelekeo aliupata, na bado amepoteza dola 55 kwa kila mkataba. Kila pointi moja ya IV kwenye opsheni ile ilikuwa na uzito wa kama senti 16 kwa hisa (ndiyo vega unayoiona kwenye skrini), na pointi kumi zilipotoka, dola 1.6 ziliondoka nazo. Kupanda kwa hisa kulirudisha sehemu tu.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuziacha opsheni zinazovuka siku ya ripoti mpaka upate uzoefu. Wapo wanaoishi kwa biashara hiyo, lakini ni biashara nyingine yenye hesabu zake.

Hatua ya 6: Chagua upande

Sasa una vitu vinne mezani: IV dhidi ya HV, IV Rank, IV Percentile, na kalenda. Mipaka ifuatayo ni desturi ya wafanyabiashara, si sheria ya maumbile. Isogeze ukishapata rekodi zako mwenyewe.

*IV Rank juu ya 50, IV Percentile inakubali, IV iko juu ya HV kwa kiasi cha kuonekana, na hakuna tukio.* Egemea kuuza. Lakini uza spredi, usiuze opsheni uchi, yaani bila kununua nyingine ya kukukinga. Ukiona hisa haitaanguka sana, uza spredi ya PUT. Ukiona haitapanda sana, spredi ya CALL. Ukiona itabaki katikati, zote mbili kwa pamoja, kile kinachoonekana kwenye skrini kama Iron Condor.

*IV Rank chini ya 25, IV Percentile inakubali, na IV iko sawa na HV au chini yake.* Egemea kununua, ila uwe na sababu ya kuamini hisa itasogea. Opsheni rahisi kwenye hisa isiyosogea bado inaoza kila siku. Nunua yenye siku nyingi, 60 hadi 90, ili muda usikubane.

*Katikati.* Hapa myumbo haukupi msaada wowote. Kama una maoni madhubuti juu ya mwelekeo, nunua spredi: nunua opsheni moja na uuze nyingine ya mbali kidogo, tarehe ileile. Ile unayoiuza hupunguza athari ya IV pande zote mbili. Kama huna maoni, funga kompyuta.

Kuna hali ya nne ambayo vitini vingi huiruka: IV Rank ni ya juu, *lakini HV ni ya juu zaidi*. IV ni 46, HV ni 58. IV Rank inakuambia opsheni ni ghali kuliko kawaida yake. HV inakuambia hisa inayumba kuliko hata bei hiyo. Muuzaji hapa analipwa kidogo kuliko hatari anayoibeba. Mimi siuzi. Nasubiri HV ianze kushuka huku IV ikiwa bado juu. Mara nyingi hutokea, kwa sababu hofu huchelewa kuondoka kuliko myumbo wenyewe.

Hatua ya 7: Pima biashara yenyewe, mfano wa kuuza

Turudi kwa hisa yetu: bei 100, IV 46, HV 31, IV Rank 75, IV Percentile 88, hakuna ripoti ndani ya siku 45. Naona haitaanguka sana. Nauza PUT ya 90 kwa dola 2.37 na kununua PUT ya 85 kwa dola 1.22, zote za siku 45.

Napokea tofauti, takriban dola 1.14 ukizingatia desimali, yaani dola 114 kwa mkataba. Kati ya 90 na 85 kuna dola 5, kwa hiyo hasara ya juu kabisa ni 500 toa 114, yaani dola 386. Hisa ikifunga juu ya 90 siku ya mwisho, 114 zote ni zangu. Naanza kupoteza ikiwa chini ya 88.86.

Sasa swali la msingi: nimelipwa vizuri? Ingiza HV ya 31 mahali pa IV kwenye kikokotoo cha opsheni. Spredi hiyohiyo inatoka na thamani ya dola 0.61. Nimeuza kwa 114 kitu ambacho, hisa ikiendelea kuyumba kama ilivyoyumba, kina thamani ya 61. Dola 53 za katikati ndizo sababu ya kufanya biashara hii. Si faida ya uhakika. Ni ukingo wangu kama HV itabaki ilipo.

Tazama pia kilichobadilika ukiuza spredi ileile kwenye siku za usingizi, IV ikiwa 26, yaani IV Rank ya 12.5. Ungepokea dola 41 tu, na hatari yako ingekuwa dola 459. Hisa ileile, bei zilezile za utekelezaji, siku zilezile. Kwa dola 41 unabeba hatari kubwa zaidi kuliko yule wa dola 114. Hapo ndipo IV Rank inapofanya kazi yake.

Hatua ya 8: Pima ukubwa, kisha panga kutoka kabla hujaingia

Tumia hasara ya juu kabisa, usitumie dhamana ambayo dalali anazuia wala pesa unayopokea. Kama umeamua kutohatarisha zaidi ya asilimia 2 ya akaunti kwa biashara moja, spredi ya dola 386 inahitaji akaunti ya karibu dola 19,300. Akaunti yako ni dola 5,000? Basi asilimia 2 ni dola 100. Tafuta hisa ya bei ndogo yenye spredi ya dola 1, au iache ipite.

Kwa spredi niliyouza, naweka oda ya kuinunua tena kwa nusu ya nilichopokea, yaani dola 0.57. Kama haijajazwa hadi zimebaki siku 21, naitazama upya na mara nyingi naifunga, kwa sababu karibu na mwisho kila mwendo mdogo wa hisa unaipiga spredi kwa nguvu. Kwa opsheni niliyonunua, naandika mapema tarehe ambayo nitaiuza hata kama hisa haijasogea, kwa kawaida zikiwa zimebaki siku 30.

Na tumia oda ya bei maalumu siku zote. Kwenye opsheni zenye pengo pana kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji, oda ya bei ya soko inaweza kula ukingo wako wote kabla biashara haijaanza.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kuuza kwa sababu VIX iko chini na "hakuna kinachotokea". Tarehe 3 Novemba 2017 VIX ilifunga 9.14, na kwa miezi kadhaa wauzaji walivuna vijisenti bila shida. Tarehe 5 Februari 2018 ikaruka kutoka 17.31 hadi 37.32 kwa siku moja. Waliouza uchi kwa malipo madogo walirudisha mavuno yote na zaidi.

Kufungua spredi kwenye hisa tano za sekta moja kwa sababu zote zina IV Rank ya juu. Zimepanda pamoja kwa sababu moja, na zitakupiga pamoja. Hiyo ni biashara moja yenye ukubwa mara tano.

Kuichukulia IV Rank kama dalili ya mwelekeo. Haina mwelekeo. IV Rank ya 90 haisemi hisa imeanguka vya kutosha.

Mambo yakienda kombo

*Programu mbili zinanipa IV Rank tofauti kwa hisa moja.* Angalia kwanza kama moja inaonyesha IV Percentile lakini imeiandika "IVR". Hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Kisha angalia kama zinatumia IV ya siku 30 au ya tarehe ya kuisha iliyo karibu, na kama dari inahesabiwa kwa bei za kufunga au za ndani ya siku. Chagua chanzo kimoja ubaki nacho.

*IV Rank inaonyesha juu ya 100 au chini ya 0.* Dirisha la mwaka linaishia jana, na IV ya leo imevunja dari au sakafu. Si kosa la hesabu. Ikizidi 100, usikimbilie kuuza siku hiyo: rekodi mpya mara nyingi hufuatwa na nyingine.

*HV imeporomoka ghafla lakini hisa haijabadilika tabia.* Siku ya mruko mkubwa imetoka kwenye dirisha la siku 20. Kokotoa HV ya siku 60 pia. Kama hiyo haijatikisika, anguko lile ni la kihesabu tu, na pengo lako la IV dhidi ya HV limeonekana kubwa kuliko lilivyo.

*IV Rank ni 0 au 1, opsheni zinaonekana za bure.* Soma habari za kampuni. Ikiwa imetangazwa kununuliwa yote kwa bei maalumu ya fedha taslimu, hisa hukaa karibu na bei hiyo na IV hufa. Urahisi huo una sababu, na IV Rank haijui habari. Iache.

*Nimeuza spredi, hisa haijasogea, lakini naonyeshwa hasara.* Yaelekea IV imepanda zaidi tangu ulipoingia. Linganisha IV ya leo na uliyoandika siku ya kuingia (uliiandika, sivyo?). Kama sababu za Hatua ya 5 hazijabadilika na ukubwa wako ni wa haki, hasara hiyo ni ya kwenye skrini na muda unafanya kazi upande wako. Kama kuna habari mpya, biashara uliyopima si hii tena, ifunge.

*PUT niliyouza imetekelezwa kabla ya tarehe.* Opsheni za hisa za Marekani zinaweza kutekelezwa siku yoyote, hasa zikiwa ndani sana, yaani kwa PUT hisa ikiwa chini sana ya bei ya utekelezaji, na thamani ya muda imekwisha. Bado unayo PUT uliyonunua, na hasara yako ya juu haijabadilika. Wasiliana na dalali siku hiyohiyo kabla hujafanya lolote, kwa sababu ukiuza PUT ile ya kinga kwa haraka utabaki na hisa 100 zisizo na kinga.